Usihesabu meno, pima kikombe cha mtoto

*Shikamoo. Mimi ni mratibu katika asasi ndogo hapa Arusha. Tuna mradi wa miezi 18 wa elimu ya afya kuhusu floraidi kwenye kata mbili za Arumeru, vitongoji 26. Umeanza Julai, utaisha Desemba mwakani. Mfadhili anataka mpango wa ufuatiliaji na tathmini wenye takwimu za msingi, viashiria na ratiba ya ripoti. Kiashiria kikuu tumeandika: kupunguza meno ya kahawia kwa watoto kwa asilimia 30. Semina tumeshafanya kwenye vitongoji viwili, takwimu za awali hatuna. Tuanzie wapi?*

Marahaba, mdogo wangu. Anzeni kwa kufuta hicho kiashiria kikuu, kwa sababu kikibaki hata mpango mzuri kiasi gani hautawasaidia.

Jino hupata madoa ya floraidi wakati bado linajengwa ndani ya fizi. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kujengwa mtoto akiwa bado mchanga, na huota akiwa na miaka sita mpaka minane hivi. Kwa hiyo mtoto wa darasa la pili mwenye meno ya kahawia leo anaonyesha maji aliyokunywa alipokuwa anatambaa, kabla mradi wenu haujafikiriwa. Doa likishaingia kwenye jino haliondoki kwa semina. Hata kila mama katika kata zote mbili akibadilisha maji kesho asubuhi, meno mtakayoyakuta Desemba mwakani yatakuwa yaleyale. Matunda ya kazi yenu yataonekana mdomoni mwa watoto baada ya miaka sita au saba, mradi umeshafungwa na gari limeshauzwa.

Mfadhili aking'ang'ania meno, mweleze hivyo hivyo kwa maandishi. Kama bado anayataka, yawekwe kwenye maelezo ya hali ya eneo: tabibu wa meno aangalie watoto wa shule moja au mbili kwa kipimo cha Dean, kinachopanga ukali wa madoa ya floraidi kwenye meno, picha ya tatizo ipatikane, basi. Yasiingie kwenye jedwali la malengo.

Sasa jiulizeni elimu yenu inaweza kubadilisha nini ndani ya miezi 18. Haiwezi kubadilisha miamba ya Mlima Meru inayoingiza floraidi kwenye chemchemi. Inachoweza ni kumfanya mama ajue kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi (maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki na kukolea), kwamba dawa ya klorini haiigusi, na kwamba maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Akijua hayo, unatarajia atenge maji ya mtoto: ya kunywa na ya kupikia uji. Unatarajia pia apunguze magadi kwenye maharage na makande, maana magadi nayo huja na floraidi, kiasi kikitofautiana kulingana na yanakotoka. Mabadiliko yanatokea hapo, kwenye kikombe na kwenye sufuria, na kipimo kikae hapo hapo.

Ningeandika kiashiria kikuu hivi: asilimia ya kaya zenye mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambazo maji ya kunywa ya mtoto huyo, yaliyokutwa nyumbani siku ya ziara, yana floraidi isiyozidi miligramu 1.5 kwa lita. Juu ya mstari ni kaya ambazo kikombe kilipimwa kikakutwa na 1.5 au chini. Chini ya mstari ni kaya zote zilizopimwa. Mtu mwingine akichukua fomu zenu baada ya mwaka apate jibu lilelile.

Kila neno hapo lina sababu yake. Umri unaanza miezi 6 kwa kuwa mtoto anayenyonya tu hana kikombe cha kupima, na maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana. Unaishia miezi 59 kwa kuwa mtoto akianza shule hunywa sehemu ya maji yake kwenye bomba la shule, na kikombe cha nyumbani hakisemi tena ukweli wote. Chini ya miaka mitano pia kuna kadi ya kliniki, tarehe ya kuzaliwa unaisoma badala ya kukisia. Kaya ikiwa na watoto wawili wa umri huo, chukueni mdogo zaidi, kila nyumba, bila kumwachia mdodosaji achague.

Kiwango cha 1.5 ndicho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndicho Tanzania inachotumia sasa. Lakini kwa miaka mingi nchi ilivumilia hadi 4. Mkipewa na kamati ya maji karatasi ya zamani inayosema chanzo fulani "kinafaa", ombeni namba yenyewe. Chanzo chenye 3.2 kilikuwa kinafaa kwenye karatasi ile, na leo hakifai. Nimeona mradi ukihesabu vyanzo salama kwa kufuata neno lililogongwa muhuri, na nusu ya vyanzo hivyo vikaanguka maji yalipopimwa upya.

Mtaniuliza kwa nini tujisumbue kupima, tusiulize tu "maji ya mtoto unayatoa wapi?" Kuuliza muulize, lakini msitegemee jibu peke yake. Baada ya mwaka mzima wa semina, kila mama atakuwa amelijua jibu mnalotaka kulisikia, na mtu mstaarabu hamwangushi mgeni. Maneno yatapanda hata kama maji hayajabadilika. Tena yupo mama anayesema kweli kabisa na bado kikombe chake ni kibaya: alikinga mvua Aprili, pipa likafika nusu, mtoto mkubwa akalijazia maji ya bomba. Au ana kichujio cha mkaa wa mifupa. Mkaa ule hunasa floraidi kwa muda, kisha unachoka, na ukichoka maji yanatoka meupe yaleyale na ladha ileile. Kwa macho na ulimi hakuna njia ya kujua. Kipimo tu ndicho kinachojua.

Kwa hiyo kwenye fomu wekeni yote mawili, alichosema na kilichopimwa, na tofauti kati yake muichambue. Tofauti hiyo mara nyingi inafundisha kuliko kiashiria chenyewe.

Mpangilio wa ziara nao una maana. Mdodosaji akifika, baada ya salamu, utambulisho na ridhaa, aombe kwanza maji: "Naomba uniwekee maji anayokunywa huyu mdogo, kwenye kikombe chake anachotumia siku zote." Neno floraidi lisitajwe kabla ya hapo. Ukianza na maswali ya floraidi, mama atakwenda kuchota kwenye ndoo iliyo bora. Maswali ya uelewa yaje baadaye, na yawe wazi. Ukiuliza "Je, kuchemsha kunaondoa floraidi?" anayebahatisha atapatia nusu ya mara. Uliza "Maji ukiyachemsha, kinaondoka nini na kinabaki nini?", halafu mdodosaji atie alama mwenyewe bila kusoma majibu kwa sauti. Kuhusu magadi, uliza chakula kilichopikwa jana na juzi, kimoja kimoja, na kama kiliwekwa magadi. "Huwa unatumia magadi?" ni swali linaloomba kudanganywa.

Wadodosaji wasiwe walimu wenu wa semina. Mama hawezi kumwambia mwalimu wake kwamba somo halijamfaa.

Maji yawekwe kwenye chupa safi ya plastiki, siyo ya kioo, kwa sababu floraidi na kioo haviachani salama. Kila chupa iwe na namba ya kaya. Kupima kunaweza kufanyika kwa kifaa cha mkononi kinachosoma rangi, au maabara kwa elektrodi. Cha mkononi ni nafuu na kinatosha, ila kina mtego mmoja ambao kwa Arumeru ni lazima mtaukanyaga. Vingi vya vifaa hivi, vile vinavyotumia dawa ya SPADNS, vinasoma mpaka miligramu 2 kwa lita tu. Maji yenye 7 hayataonyesha 7. Kifaa kitagoma, au kitatoa namba isiyo na maana karibu na 2. Dawa ni kuyazimua: chukua mililita 2 za sampuli, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka zifike 10, pima, kisha zidisha jibu kwa 5. Mkiona kwenye jedwali lenu safu ndefu ya 1.9 na 2.0, mjue hakuna aliyezimua. Na katika kila sampuli kumi, moja ipimwe mara mbili na mtu asiyejua jibu la kwanza. Majibu mawili yakiachana kwa zaidi ya 0.3 kwa sampuli zilizo karibu na mpaka wa 1.5, simamisheni kazi mpaka mjue kwa nini.

Tuje kwenye tarehe, maana hapa ndipo miradi ya maji ya kanda yetu inapojidanganya. Mmeanza Julai. Mkikusanya takwimu za msingi Agosti, mtakuta kiangazi: mapipa makavu, kila mtu yuko bombani au mtoni. Mkifanya tathmini ya mwisho Desemba mwakani, mwezi mradi unapofungwa, mtakuta vuli imeshanyesha na ndoo ziko chini ya mabati. Kiashiria kitaruka juu vizuri sana. Mvua ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na mkaguzi yeyote anayeijua Arusha ataliona hilo kabla hajamaliza chai.

Suluhisho ni rahisi: takwimu za msingi zikusanywe mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba mwaka huu, na za mwisho wiki zilezile mwakani. Hiyo ni takribani mwezi wa 14 na 15 wa mradi. Mtabaki na miezi mitatu ya kuchambua, kurudisha majibu vijijini na kuandika ripoti bila kukimbizana, na semina za mwisho zinaweza kuendelea huku. Kiangazi ndicho kipimo kigumu, na kaya inayomtengea mtoto maji ya floraidi ndogo mwezi wa Septemba imebadilika kweli.

Vitongoji viwili mlivyoshavifundisha visiingie kwenye takwimu za msingi. Msiwaulize "kabla ya semina mlikuwa mnafanyaje?", kumbukumbu ya mtu aliyeshafundishwa imeshapakwa rangi. Vitajeni kwenye ripoti kuwa vilianza mapema, muendelee kuvihudumia, lakini hesabu kuu iwe ya vitongoji 24 vilivyobaki. Na semina zisimame mpaka udodosaji uishe. Najua mmeshatoa ahadi kwa wenyeviti, ila wiki tatu za kusubiri zitavumilika, na mkishafundisha kitongoji hamwezi tena kujua kilikuwaje mwanzoni.

Idadi ya kaya. Tuseme mnakisia kwamba leo kaya 30 katika kila 100 zina kikombe salama, na mnataka kuweza kuona kupanda hadi 50. Hesabu ya kawaida, kwa uhakika wa asilimia 95 na uwezo wa kugundua wa asilimia 80, ni hii, ambapo n ni idadi ya kaya kwa kila awamu ya udodosaji, p1 ni hali ya leo, 0.30, na p2 ni hali mnayoitaka, 0.50:

```
n = (1.96 + 0.84)² × (p1(1 − p1) + p2(1 − p2)) / (p1 − p2)²
n = 7.84 × (0.21 + 0.25) / 0.04 = 90.2, yaani 91
```

Hizo 91 zingetosha kama kaya zingechaguliwa moja moja kutoka kata zote mbili. Ninyi mtachagua kwa vitongoji, na watu wa kitongoji kimoja hunywa bomba moja. Ukishapima kikombe cha jirani mmoja, cha pili hakikuongezei habari nyingi. Kwa kaya tisa kwa kitongoji, makadirio ya wastani ya kufanana kwa majirani yanapandisha idadi mara 1.8 hivi, tunafika 164. Ongeza nafasi ya wasiokutwa nyumbani, kama mmoja kati ya kumi, tunafika 183. Vitongoji 24 mara kaya 9 ni 216, kwa hiyo mko salama na mna akiba kidogo. Msishawishike kuchukua kaya 20 kwenye vitongoji kumi ili kuokoa mafuta ya pikipiki. Jumla ni karibu ileile, ila kwa jambo la maji, vitongoji vingi vyenye kaya chache vina thamani kubwa zaidi.

Kupata hizo tisa, nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mkae nao waorodheshe kaya zote zenye mtoto wa umri huo. Orodha ya mwenyekiti peke yake huwa inawasahau wapangaji, na karibu na Usa River, penye mashamba ya maua, wapangaji si wachache. Mhudumu wa afya anawajua kwa kuwa watoto wao wanapimwa uzito. Tuseme orodha imekuja na kaya 63. Gawanya kwa 9, unapata 7. Okota karatasi kati ya 1 na 7. Ikitoka 4, mtaitembelea kaya ya 4, ya 11, ya 18, mpaka ya 60. Kaya isiyokutwa irudiwe mara moja jioni. Asikubaliwe mdodosaji anayeruka kwenda nyumba ya jirani kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Waliopo nyumbani saa nne asubuhi hawafanani na walio shambani.

Kuna jambo la uungwana hapa linalogusa takwimu. Ukikuta kikombe cha mtoto kina 6, huwezi kuondoka kimya mpaka mwakani. Waambieni majibu, kitongoji kizima siku moja, mkishamaliza kukidodosa, pamoja na ushauri wa chanzo kilicho karibu chenye floraidi ndogo. Lakini mjue kwamba kaya hizo tisa zimeshapata huduma ambayo wengine hawakupata. Ndiyo maana Septemba mwakani mtaandika orodha upya na kuokota upya. Mkirudi kwenye kaya zilezile mtapima athari ya kutembelewa na kupimiwa maji, siyo athari ya elimu yenu.

Vibali vishughulikiwe mapema. Barua ya utambulisho itoke halmashauri, ipitie kwa mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, kwa mpangilio huo. Mkikusudia kuchapisha matokeo kama utafiti, kibali cha maadili kinatakiwa kabla ya kikombe cha kwanza kupimwa. Majina na namba za simu za kaya yatunzwe mbali na majibu, maana tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na orodha ya kina mama ikizagaa kwenye simu za wadodosaji mtaulizwa.

Sasa niwaonyeshe namna ya kusoma namba zikishakuja. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme kati ya 216 mmepata 204. Kaya 98, yaani asilimia 48, zimesema mtoto anatumia maji ya mvua, ya kichujio au ya chanzo kizuri. Vikombe vilivyopimwa vikakutwa na 1.5 au chini ni 57, asilimia 28. Takwimu yenu ya msingi ni 28, na mwandike 57 kati ya 204, siyo asilimia peke yake. Kwa sampuli hii na namna mlivyochagua, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 20 na 36 hivi. Kwa hiyo mwakani mkipata 33 msipige vigelegele. Mkipata 47, hapo kuna jambo.

Zile kaya 41 au zaidi zilizosema salama na kikombe kikakataa, zitafuteni moja moja kwenye fomu. Kama wengi ni wa mapipa yaliyochanganywa, semina zenu zinatakiwa kuwa na somo la kutenga chombo cha mtoto chenye mfuniko wake. Kama wengi ni wa vichujio vilivyochoka, tatizo ni nani anabadilisha mkaa na lini, na hilo mnalizungumza na muuzaji kabla ya kuzungumza na mama. Mnaona kwamba takwimu za msingi zimeshabadilisha mtaala kabla hata ya robo ya kwanza kuisha. Kama hazikubadilisha chochote, zilikusanywa kwa ajili ya mfadhili tu.

Halafu angalieni kitongoji kwa kitongoji. Wakati wa udodosaji pimeni pia kila chanzo kinachotumika, na andikeni ni mwendo wa dakika ngapi. Tuseme katika vitongoji 9 kati ya 24 hakuna chanzo chochote chenye 1.5 au chini ndani ya nusu saa wakati wa kiangazi. Huko elimu itampa mama wasiwasi bila kumpa maji. Kiashiria hakitapanda, na si kosa la mwalimu. Toeni kiashiria mara mbili: kwa vitongoji vyote 24, na kwa vile 15 vyenye chanzo cha kuchagua. Lengo la kupandisha kutoka 28 hadi 48 liwekwe kwa kuangalia hivyo 15, na liwekwe baada ya takwimu za msingi kuonekana. Mfadhili akitaka namba sasa hivi, andikeni "itawekwa Oktoba baada ya takwimu za msingi", wengi hukubali wakielezwa. Vile vitongoji 9 viandikiwe barua tofauti kwa halmashauri na wakala wa maji vijijini, RUWASA, pamoja na majedwali ya vipimo. Ni matokeo ya mradi hayo pia, hata kama hayamo kwenye jedwali la malengo.

Daftari la vyanzo lisasishwe kila robo mwaka. Bomba jipya lenye floraidi ndogo likifika kitongoji fulani Machi, vikombe vya pale vitakuwa salama Septemba bila mama yeyote kuhudhuria semina. Mkiwa na tarehe ya bomba mtavitenga vitongoji hivyo kwenye uchambuzi. Msipokuwa nayo, mtajisifia kazi ya fundi bomba.

Kuhusu ufuatiliaji wa kila mwezi sina mengi. Hesabuni semina zilizofanyika na watu waliohudhuria, ila watu, siyo mahudhurio. Mama mmoja aliyekuja mara tano kwa sababu kuna soda ni mtu mmoja. Namba ya kaya kwenye karatasi ya mahudhurio inamaliza tatizo. Kila robo mtu asiye mwalimu aokote majina kumi kutoka kwenye karatasi hizo na kuwapigia au kuwatembelea. Kama watatu hawajui semina yoyote, mna tatizo la karatasi za kubuni. Kwenye ziara hizo angalieni pia mapipa na vyombo vya mtoto, kwa kujifunza tu. Msitoe asilimia kutoka nyumba kumi.

Ripoti ya robo iwe kurasa mbili. Ya kwanza: jedwali lenye kiashiria, takwimu ya msingi, lengo, na hali ya sasa kwa vile vinavyopimwa kila robo. Kiashiria kikuu kwenye robo za katikati kiandikwe wazi "kitapimwa Septemba". Msikijaze kwa makisio ili kisanduku kisikae wazi. Ya pili: nini kimebadilishwa kwenye kazi kwa sababu ya takwimu, na nini kimekwama. Ripoti kubwa ni mbili tu, ya takwimu za msingi mwezi Oktoba na ya mwisho Desemba mwakani. Nakala iende kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa RUWASA, siyo kwa mfadhili pekee.

Wanakijiji nao wana ripoti yao, kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hapo msipeleke asilimia. Chukueni orodha ya vyanzo vya kijiji kile, kila kimoja na namba yake, mbandike kwenye ofisi ya mtendaji na kwenye zahanati. Majina ya kaya yasiwepo. Mama anayetoka kliniki na mtoto mgongoni atataka kujua bomba la kanisani lina ngapi na la shuleni lina ngapi, na karatasi ile itamjibu hata siku ambayo mwalimu wenu hayupo.

Wiki hii basi: barua kwa mfadhili ya kubadilisha kiashiria, barua ya vibali halmashauri, na semina zisimame. Kifaa cha kupimia kiagizwe pamoja na maji yaliyokenekwa ya kuzimulia, maana hayo ndiyo husahaulika mpaka wadodosaji wawe wameshafika Maji ya Chai.